Kabla ya kugawanya, itazame asili

Nina wanafunzi wachache ninaowafundisha hesabu jioni. Siku moja niliwapa swali fupi: bila kugawanya, sema kama sehemu 231/2640 itatoa desimali inayokoma au desimali isiyokoma. Binti mmoja aliandika “inakoma”. Wakati wa kusahihisha nikaitazama asili, yaani namba ya chini, nikaichambua kichwani: 2640 ina 3 ndani yake, tena ina 11. Kanuni niliyokuwa nikiifundisha ilisema asili ikiwa na namba tasa yoyote isiyokuwa 2 wala 5, desimali haikomi. Nikamwekea kosa, nikageukia daftari lililofuata.

Kesho yake alikuja mapema kabla ya wenzake. Alikuwa ameigawanya sehemu ile kwa njia ndefu, mstari chini ya mstari, kwa mwandiko safi.

“Mwalimu, imekoma,” akasema. “Ni 0.0875. Nimeirudia mara mbili.”

Nikaifuata hesabu yake kwa kalamu. Ilikuwa sahihi. Nikafuta lile kosa, nikamwambia wazi kwamba aliyekosea ni mimi. Kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii: “Sasa hiyo 3 na hiyo 11 zimekwenda wapi?”

Jibu la haraka ni kwamba zimekatwa. Namba ya juu, kiasi, ni 231, nayo ni 3 × 7 × 11. Asili ni 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 5 × 11. Ile 3 ya juu inakatana na 3 ya chini, na 11 inakatana na 11. Kinachobaki ni 7 juu ya 80, na 80 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 5. Hakuna namba tasa ngeni tena. Kanuni yenyewe haikuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyeitumia kabla ya wakati wake, maana inahusu asili ya sehemu iliyokwisha kurahisishwa mpaka mwisho.

Sharti hilo huandikwa vitabuni kwa maneno machache, “ikiwa katika hali rahisi kabisa”, na msomaji hupita juu yake bila kusimama. Nami nilikuwa nimepita juu yake mara nyingi nikiwa mbele ya ubao. Ili kulieleza vizuri ilinibidi nirudi kwenye swali la chini zaidi: kwa nini 2 na 5, na si namba nyingine?

Desimali inayokoma ni sehemu ya kawaida iliyovaa nguo nyingine. Tunapoandika 0.0875 tunasema 875 juu ya 10000. Tunapoandika 0.3 tunasema 3 juu ya 10. Kila desimali yenye mwisho ina asili ambayo ni 10, au 100, au 1000, na kuendelea hivyo. Sasa 10 ni 2 × 5, na 100 ni 2 × 2 × 5 × 5. Hata uizidishe 10 kwa yenyewe mara elfu, ndani yake hutakuta kitu kingine ila 2 na 5. Na ukiirahisisha sehemu kama 875/10000, unachofanya ni kuondoa vigawo vilivyo juu na chini kwa pamoja. Kurahisisha huondoa, hakuongezi. Kwa hiyo asili inayobaki baada ya kurahisisha haiwezi kuwa na 3, wala 7, wala 11, kwa kuwa hazikuwamo tangu mwanzo. Ukikutana na sehemu iliyorahisishwa kabisa ambayo asili yake ina 3, ujue haikutoka kwenye familia hiyo, kwa hiyo haina desimali inayokoma.

Upande wa pili nao una sababu yake. Chukua 7/80. Chini kuna 2 nne na 5 moja tu. Ili asili iwe 10 zilizozidishana, kila 2 inahitaji 5 ya kushikana nayo mkono. Hapa 2 tatu hazina wenza. Basi tuzipatie 5 tatu, yaani tuzidishe juu na chini kwa 125. Juu tunapata 875, chini tunapata 10000. Hiyo ni 0.0875, na hatujagawanya hata mara moja.

Njia hii inatupa na kitu cha ziada: idadi ya tarakimu baada ya nukta. Asili ya 80 ina 2 nne na 5 moja. Kubwa kati ya hesabu hizo mbili ni nne, na desimali ina tarakimu nne. Asili ya 125 ni 5 tatu bila 2 yoyote, kwa hiyo 1/125 ina tarakimu tatu: 0.008. Asili ya 78125 inaonekana ya kutisha, lakini ni 5 saba zilizozidishana, basi 1/78125 itakoma kwenye tarakimu ya saba: 0.0000128. Hapa pia ni lazima uwe umerahisisha kwanza, la sivyo utahesabu tarakimu nyingi kuliko zilizopo.

Haya yote niliyajua. Binti yule naye aliyaelewa upesi. Lakini nilitaka aone kwa macho yake kwamba ile 3 na ile 11 hazikutoweka kwa hila ya kukata juu na chini tu, kwa hiyo tukarudi kwenye mgawanyo wake mrefu na kutazama baki badala ya kutazama jibu.

Unapoigawanya 231 kwa 2640, unaanza na 231, unaongeza sifuri, unapata 2310, ambayo haitoshi. Unaandika 0. Unaongeza sifuri nyingine, unapata 23100. Hapo 2640 inaingia mara 8, inabaki 1980. Unaongeza sifuri, 19800, inaingia mara 7, inabaki 1320. Unaongeza sifuri, 13200, inaingia mara 5, inabaki 0. Mwisho.

Nilimwomba azigawanye baki zile kwa 33, ambayo ndiyo 3 × 11. 231 ni 33 mara 7. 1980 ni 33 mara 60. 1320 ni 33 mara 40. Kila namba iliyosimama njiani ilikuwa kigawe cha 33, kuanzia ya kwanza hadi sifuri yenyewe.

Kisha tukabadilisha tarakimu moja tu. Badala ya 231 tukaweka 230, asili ile ile. 23000 inaingia mara 8, inabaki 1880. 18800 inaingia mara 7, inabaki 320. 3200 inaingia mara 1, inabaki 560. 5600 inaingia mara 2, inabaki 320. Hapo binti akainua kalamu. 320 tulikwisha kuiona. Kuanzia hapa kila kitu kitajirudia: 320, 560, 320, 560, na kwenye jibu 1, 2, 1, 2 bila mwisho. 230/2640 ni 0.087121212…

Akazijaribu baki hizi kwa 33. 1880 haigawanyiki, inabakiza 32. 320 inabakiza 23. 560 inabakiza 32. Hakuna hata moja iliyo kigawe cha 33.

Kwa macho yangu hapa ndipo uzuri wa jambo ulipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kila hatua ya mgawanyo mrefu hufanya mambo mawili: huzidisha baki kwa 10, kisha huondoa 2640 mara kadhaa. Kuondoa 2640 hakuwezi kubadilisha uhusiano na 33, kwa sababu 2640 yenyewe ni kigawe cha 33. Kuzidisha kwa 10 nako hakuwezi, kwa sababu 10 ni 2 × 5, haina 3 wala 11 ya kuchangia. Basi kama umeanza na kiasi ambacho si kigawe cha 33, hakuna hatua itakayokuletea kigawe cha 33. Na sifuri ni kigawe cha 33. Ina maana baki ya sifuri imefungiwa mlango tangu mstari wa kwanza. Na kwa kuwa baki ni lazima ziwe ndogo kuliko 2640, haziwezi kuwa mpya daima. Kuna siku moja itarudi, na ikirudi mzunguko umeanza.

Ukianza na kigawe cha 33, kama 231, mlango uko wazi. Kinachobaki kufanyiwa kazi ni ile 80, na hiyo 10 inaimudu, kwa sababu kila kuzidisha kwa 10 huongeza 2 moja na 5 moja. Baada ya hatua nne 2 nne zote zimepatikana, na baki inafika sifuri.

Tangu siku ile nimebadilisha ninavyofundisha. Siwaambii tena wanafunzi waanze kutafuta KKS, yaani kigawo kikubwa cha shirika, ya namba mbili kubwa ili warahisishe. Nawaambia waishike asili peke yake. Igawanye kwa 2 mpaka ikatae. Kilichobaki kigawanye kwa 5 mpaka kikatae. Ukibaki na 1, umemaliza: inakoma, kiasi chochote kiwe. Ukibaki na namba nyingine, iite mabaki magumu ukitaka, uliza swali moja tu: je, kiasi kinagawanyika kwa namba hiyo bila baki? Kikigawanyika, inakoma. Kisipogawanyika, haikomi.

Tuifanye kwa sehemu yetu. 2640 kwa 2 ni 1320, 660, 330, 165, basi, 2 imekataa. 165 kwa 5 ni 33, na 5 imekataa. 231 inagawanyika kwa 33? Ndiyo, mara 7. Inakoma. 230? Hapana. 232? Hapana, nayo kweli ni 0.0878787…

Ona kwamba hatukuhitaji hata kujua 33 ni 3 × 11. Hilo ni nafuu kubwa asili inapokuwa ndefu, kwa sababu kuichambua namba kubwa hadi namba tasa zake ni kazi ngumu, wakati kuigawanya kwa 2 na 5 ni kazi ya kitoto. Kwa anayeandika programu, jambo lote linaingia kwenye mistari mitano ya Python:

```python
def inakoma(n, d):
    for p in (2, 5):
        while d % p == 0:
            d //= p
    return n % d == 0
```

`inakoma(231, 2640)` inarudisha `True`, na `inakoma(230, 2640)` inarudisha `False`.

Njia hii pia inakwambia ni sehemu ngapi zenye asili ya 2640 zinazokoma. Ni zile ambazo kiasi chake ni kigawe cha 33: 33, 66, 99, na kuendelea mpaka 2640. Hizo ni themanini. Nyingine zote, 2560, hazikomi. Kwa hiyo kosa langu la siku ile lilikuwa la aina ambayo huwezi kuigundua kwa urahisi: ukisema “haikomi” kila uionapo 2640, utapatia mara nyingi sana, na utazidi kuamini kwamba kanuni yako iko sawa.

Yapo makosa mengine ninayoyaona kwenye madaftari. Wapo wanaotazama tarakimu ya mwisho ya asili, wakiona sifuri wanasema inakoma. 7/20 inakoma kweli, lakini 7/30 haikomi, ingawa asili zote mbili zinaishia na sifuri. Sifuri inathibitisha tu kwamba 2 na 5 zimo, haisemi kwamba hakuna mwingine. Wapo pia wanaodhani asili witiri haikomi kamwe, na 125 inawasuta.

Lakini kosa linalonisumbua zaidi ni la kuamini kioo cha kikokotoo. Kikokotoo chenye nafasi ya tarakimu nane kitakuonyesha 1/17 kama 0.0588235 na 1/2048 kama 0.0004882. Vitazame vyote viwili. Hakuna kinachojirudia, hakuna kinachoonekana kukoma. Vyote vimefika ukingoni mwa kioo. Hata hivyo kimoja kina mwisho na kingine hakina. 2048 ni 2 kumi na moja zilizozidishana, kwa hiyo 1/2048 inakoma kwenye tarakimu ya kumi na moja: 0.00048828125. 17 ni namba tasa, si 2 wala 5, kwa hiyo 1/17 haikomi, na mzunguko wake una tarakimu kumi na sita: 0588235294117647, kisha unaanza upya. Kioo cha tarakimu nane hakiwezi kuona hata nusu nzima ya mzunguko huo, ukihesabu na sifuri ya mbele ya nukta. Mwanafunzi akiniambia “nimeona haijirudii” huwa namuuliza ameona tarakimu ngapi.

Binti yule alikuwa na swali moja zaidi, na lilikuja wiki iliyofuata. “Mwalimu, hizi 2 na 5 zimetoka kwenye 10. Kama tusingehesabu kwa kumi?”

Ni kweli kabisa. Kanuni hii haisemi lolote kuhusu sehemu yenyewe. Inasema jambo kuhusu sehemu pamoja na kizio tunachoandikia namba. 231 juu ya 2640 ina thamani ile ile popote. Kukoma au kutokoma ni tabia ya maandishi yake. Ukibadilisha kizio, namba tasa zinazoruhusiwa ni zile zilizomo ndani ya kizio hicho kipya.

Wababeli, kama miaka 4000 iliyopita, walihesabu kwa kizio cha 60. Na 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, kwa hiyo 3 kwao haikuwa ngeni. Theluthi moja kwao ilikuwa 20 ya sehemu za sitini, imekoma hapo hapo. Wametuachia vibao vya udongo vyenye majedwali ya 1 ikigawanywa kwa namba mbalimbali, na kwenye majedwali yao ya kawaida namba kama 7, 11 na 13 zinarukwa. Huhitaji kuuliza sababu: ndani ya 60 hakuna 7, hakuna 11, hakuna 13. Kwa kizio hicho, mabaki magumu ya 2640 yangekuwa 11 tu, na sehemu zinazokoma zingekuwa 240 badala ya 80. Moja kati yake ni 220/2640, ambayo ni 1/12. Sisi tunaiandika 0.08333… bila mwisho. Wao waliiandika 5 juu ya sitini.

Kompyuta iko upande mwingine. Huhifadhi namba kwa kizio cha 2, na ndani ya 2 hakuna mwingine ila 2. Hapo hata 5, ambayo kwetu ni mwenyeji, inakuwa mgeni. Moja ya kumi, 0.1, ambayo kwetu imekoma mapema kabisa, kwa kizio cha 2 inajirudia milele, kwa sababu asili yake ya 10 ina 5 ndani. Kompyuta haina nafasi isiyo na kikomo, kwa hiyo inakata mahali fulani na kukadiria. Ndiyo maana Python ikikujibu hivi haijaharibika:

```python
>>> 0.1 + 0.2
0.30000000000000004
```

Jaribu 0.5 + 0.25 na utapata 0.75 kamili, maana hizo ni 1/2 na 1/4, na asili zake hazina kitu zaidi ya 2.

Tukarudi tena kwenye sehemu yetu. Kwa kizio cha 2, mabaki magumu ya 2640 ni 3 × 5 × 11, yaani 165. Binti akaigawanya 231 kwa 165, akaona haiingii bila baki. Kwa hiyo 0.0875 yake, aliyoipata kwa mgawanyo safi wa mistari minne, ndani ya kompyuta ni 0.000101100110… na ile 0110 inaendelea kujirudia bila mwisho. Nilimwachia kazi ya kutafuta zinazokoma. Alirudi na orodha ya kumi na sita, kila moja ikiwa na kiasi ambacho ni kigawe cha 165. Ya kwanza ilikuwa 165/2640, na pembeni yake alikuwa ameandika kwa penseli: 1/16.